Linki Imefika, Ukurasa Umegoma: Bando la Mitandao ya Kijamii Linavyoamua

Mabibi na mabwana, habari za jioni.

Tuanze na simu mkononi. Una bando la mitandao ya kijamii, data ya kawaida huna hata kidogo, na salio ni sifuri. Kwenye kikundi cha WhatsApp mtu ametupia linki ya habari. Unaiona vizuri kabisa: picha ipo, kichwa cha habari kipo, na chini yake kuna mstari wa maelezo. Unaigusa. Kivinjari kinafunguka, mstari wa pale juu unasogea robo, unaganda. Baada ya muda unaambiwa tovuti haipatikani. Unarudi WhatsApp, na ujumbe unaendelea kumiminika kama kawaida.

Tumezoea kusema mtandao unasumbua. Katika hali hii hausumbui hata kidogo. Ukurasa ule umekataliwa, na pana mahali ulipokataliwa na sababu ya kukataliwa. Jioni hii tutaifuata linki hiyo moja tangu kidole kinapoigusa, kwa sababu ukishaielewa, vituko vingine vya mabando haya vinajieleza vyenyewe: picha za kijivu kwenye Facebook, simu ya WhatsApp inayoita bila kuunganika, arifa zinazofika kwa mkupuo saa tatu baadaye.

Kwanza tuondoe mkanganyiko wa ile picha na kichwa cha habari. Watu huuliza, kama tovuti imefungwa, picha yake imenifikiaje? Imefika ndani ya ujumbe. Kwenye WhatsApp, simu ya aliyetuma ndiyo iliyokwenda kwenye tovuti, ikachukua kichwa cha habari na picha ndogo, ikavifungasha pamoja na linki. Wewe umepokea mzigo wa WhatsApp, basi. Simu yako haijawahi kugusa tovuti ile. Facebook inafanya tofauti kidogo: seva zake zenyewe ndizo zinazokwenda kuchungulia ukurasa, kisha zinaiweka picha kwenye hifadhi yao, na wewe unaipata kutoka kwao. Njia zote mbili zinaishia pamoja: unachokiona kabla ya kugusa kimetoka ndani ya mtandao wa kijamii. Unachokitaka baada ya kugusa kiko nje.

Sasa umegusa. Ombi linatoka kwenye simu, linapita mnarani, linaingia ndani kwenye kiini cha mtandao wa kampuni ya simu. Huko kuna lango. Kwenye 4G mafundi hulifahamu kwa jina la P-GW, kwenye 5G kazi hiyo inafanywa na UPF. Sisi tutaliita lango tu. Kila baiti unayotuma na kupokea inapita hapo, na hakuna njia ya pembeni. Lango lina wasaidizi wawili. Mmoja ni mtunza kanuni, anayeliwekea lango orodha ya mambo ya kutazama. Mwingine ni karani wa hesabu, anayejua una nini: kiasi gani cha bando la kijamii, kiasi gani cha data ya kawaida, na mwisho wa matumizi ni lini.

Simu inaanza kwa kuuliza anwani. Jina la tovuti ni maneno, na mtandao unasafirisha kwa namba, kwa hiyo simu inatuma swali la DNS: jina hili lina namba gani? Kwa kawaida maswali yanayokwenda kwenye DNS ya kampuni yenyewe huachwa yapite bila kukatwa chochote, la sivyo hata WhatsApp isingeweza kujua pa kwenda. Jibu linarudi. Mpaka hapa tovuti ya habari na Facebook wako sawa.

Hatua ya pili, simu inabisha hodi kwenye namba ile, porti 443, yaani mlango wa tovuti za `https`. Ni pakiti tatu fupi, yaani vifurushi vidogo vya data: simu inasema hodi, seva inasema karibu, simu inasema nimeingia. Lango linaziona, lakini haliwezi kutoa hukumu ya maana, kwa sababu linachokiona ni namba tu, na namba moja inaweza kuwa imebeba tovuti maelfu. Tovuti nyingi leo zinakaa nyuma ya makampuni ya kusambaza maudhui, zikishiriki anwani zilezile. Likikataa namba, linaweza kuwa limekataa na kitu ulichokilipia. Basi linaziachia zipite na kusubiri.

Hukumu iko kwenye pakiti inayofuata. Simu inataka mazungumzo ya siri na seva, kwa hiyo inatuma salamu ya kwanza ya TLS, inayoitwa ClientHello. Ndani ya salamu hiyo kuna kipande kiitwacho SNI, na humo jina la tovuti limeandikwa wazi, herufi kwa herufi. Kipande hiki kiliingizwa kwenye viwango vya TLS mwaka 2003 kwa shida nyingine kabisa: seva moja yenye tovuti nyingi ilihitaji kujua itoe cheti, yaani kitambulisho, cha tovuti ipi kabla usiri haujaanza. Hakuna aliyekusudia kiwe tiketi ya kukagulia mabando. Lakini ndicho kilichobaki wazi. Zamani hata cheti cha seva kilisomeka njiani. TLS 1.3, iliyotoka mwaka 2018, ikakifunika cheti, na jina kwenye salamu likabaki nje.

Lango linasoma jina, linalilinganisha na orodha. Kwenye orodha ya bando la kijamii kuna majina kama `facebook.com`, `fbcdn.net`, `instagram.com`, `cdninstagram.com`, `whatsapp.net`, na kanuni ya kawaida ni kwamba chochote kinachoishia na jina hilo kinahesabika. Jina la tovuti ya habari halimo. Kwa hiyo muunganisho ule unatiwa kwenye fungu la data ya kawaida. Lango linamgeukia karani: mteja huyu ana kitu kwenye fungu hili? Karani anajibu hana. Umekwisha.

Tazameni kilichoamua hapo. Lango halikuuliza ni programu gani iliyotuma. Halijui kama umegusa kutoka WhatsApp au umeandika mwenyewe. Limeangalia muunganisho mmoja, jina moja, fungu moja. Hapa ndipo watu wengi hupotea, hasa kwenye Facebook, kwa sababu ukigusa linki ya nje ukurasa unafunguka ndani ya dirisha lilelile la Facebook, na juu unaona alama ya kufunga ya Facebook. Unaamini hujatoka. Umetoka. Dirisha ni la Facebook, lakini salamu iliyopita langoni ina jina la mwingine. Mara nyingine utaona hata nusu ya safari: linki inapitia kwanza `l.facebook.com` au, kwenye X, `t.co`. Jina hilo limo kwenye orodha, linakubaliwa, ukurasa mweupe unatokea. Kisha linakuelekeza kwenye tovuti yenyewe, na hapo ndipo mlango unafungwa. Kinyume chake pia ni kweli: ukiifungua `facebook.com` kwenye Chrome badala ya programu yake, bando linakubali, kwa kuwa jina ni lilelile.

Kuhusu namna ya kukataa, lango lina njia tatu kwa mujibu wa viwango vya malipo: kukata, kukuelekeza kwingine, au kukubakishia vitu vichache tu. Wateja huuliza mbona hawapelekwi kwenye ukurasa wa kununua bando kama zamani. Zamani tovuti nyingi zilikuwa za `http` tupu, na lango lingeweza kujibu badala ya seva: nenda ukurasa huu. Kwenye `https` haliwezi, kwa sababu halina cheti cha tovuti ile. Likijaribu kujifanya ndilo lile, kivinjari kinashtuka na kuandika `NET::ERR_CERT_COMMON_NAME_INVALID`, na mteja anadhani ameibiwa. Basi makampuni mengi yamechagua kati ya mambo mawili. Ama lango linavunja muunganisho papo hapo, nawe unaona `ERR_CONNECTION_RESET`, ama linazitupa pakiti kimyakimya, nawe unasubiri mpaka `ERR_TIMED_OUT` au `ERR_CONNECTION_TIMED_OUT`. Kwa maoni yetu kuvunja ni uungwana zaidi. Kimya kinamfanya mtu azungushe ukurasa mara kumi akidhani mnara umeelemewa.

Nimesema lango linasoma jina. Sasa tuone linaposhindwa kulisoma, maana huko ndiko mabando yanakokataa hata vile ulivyovilipia.

Programu kubwa siku hizi zinapenda kutumia QUIC, itifaki iliyosanifishwa mwaka 2021, inayopita kwenye porti 443 kwa UDP, njia ya kutuma pakiti bila kubisha hodi kwanza. Salamu yake ya kwanza imefichwa, ila ufunguo wake unatengenezwa kutokana na vitu vinavyoonekana ndani ya pakiti yenyewe pamoja na namba iliyochapishwa hadharani kwenye kiwango. Lango lililofundishwa linaweza kuifungua na kusoma jina. Lango la zamani linaona UDP tu inayokwenda kwenye namba fulani. Kama namba hiyo haimo kwenye orodha yake ya anwani, linaihesabu kuwa ni data ya kawaida na kuitupa. Programu nayo inangoja kidogo, inakata tamaa, inarudi kwenye TCP, njia ile ya hodi tatu, na safari hii jina linasomeka. Dalili yake mtaijua: programu inaduwaa sekunde chache kila ukiifungua, kisha inaendelea vizuri kana kwamba hakuna kilichotokea.

Kuna jingine jipya zaidi. Vivinjari vimeanza kuweka kwenye salamu ufunguo wa kujikinga na kompyuta za kwanta. Ufunguo huo peke yake, ule wa aina ya ML-KEM-768, ni baiti 1,184, na pakiti moja kwa kawaida haizidi baiti 1,500 hivi. Salamu iliyokuwa inaenea kwenye pakiti moja sasa inagawanyika mbili, na jina la tovuti laweza kuangukia kwenye ya pili. Lango linalosoma ya kwanza tu linatoka mikono mitupu. Ukiona Facebook inafunguka kwenye programu yake lakini inagoma kwenye kivinjari ulichokisasisha juzi, kwenye simu ileile na bando lilelile, hili ni la kulishuku mapema.

Na zipo tovuti zinazotumia ECH, ambapo jina halisi linafichwa na lango linaonyeshwa jina la juujuu, mfano `cloudflare-ech.com`. Hapo lango halina la kufanya ila kuhesabu data ya kawaida.

Tuje kwenye picha za kijivu. Mtu anafungua Facebook: maandishi yanakuja, majina yanakuja, maoni yanasomeka, lakini pale pa picha pana kisanduku kitupu. Ukurasa mmoja wa Facebook ni miunganisho mingi yenye majina tofauti. Maandishi yanatoka kwenye majina yanayoishia `facebook.com`. Picha na video zinatoka kwenye `fbcdn.net`. Na si hivyo tu. Kampuni mama ya Facebook huweka seva zake za kuhifadhi nakala ndani ya mitandao ya makampuni ya simu, ili picha inayotazamwa na maelfu isisafiri mbali kila mara. Seva hizo zinatambulika kwa jina lenye `fna.fbcdn.net`, lakini anwani zake za namba ni za kampuni ya simu, siyo za Facebook. Sasa fikirieni fundi aliyeandika kanuni kwa kuorodhesha anwani za Facebook peke yake, bila majina. Maandishi yatapita. Picha, ambayo iko karibu kuliko vyote, humuhumu ndani ya nyumba, itahesabiwa kuwa ni ya nje.

Majina pia huhama. Twitter ilipokamilisha kuhamia `x.com` mwezi Mei 2024, orodha yoyote iliyokuwa na `twitter.com` na `twimg.com` tu ilibaki na pengo siku hiyohiyo. Orodha hizi hazijirekebishi. Kuna mtu anayezikarabati, na kati ya siku jina linapohama na siku anapoliongeza, wateja wanahangaika.

WhatsApp ina tabia zake. Mazungumzo ya maandishi hayatumii TLS ya kawaida, yana usimbaji wake, na hupita porti 443 au 5222. Lango huyatambua kwa anwani na kwa umbo la pakiti za mwanzo. Kwa sababu WhatsApp ndiyo inayotumika kuliko zote, makampuni huitunza kanuni yake vizuri, na ndiyo maana huwa ya mwisho kugoma. Simu za sauti na video ni kisa kingine. Hizo ni UDP, na WhatsApp hupenda kuziunganisha simu mbili moja kwa moja pale inapowezekana, kwa kuwa sauti hufika upesi zaidi. Maana yake pakiti zako zinakwenda kwenye anwani ya mtu unayempigia, labda intaneti ya nyumbani kwake, anwani ambayo haimo kwenye orodha yoyote duniani. Simu inaita, kwa sababu kuita kunapita kwenye seva za WhatsApp. Anapokea. Kisha mnabaki na “inaunganisha” mpaka mmoja akate.

Pana mpangilio ndani ya WhatsApp, kwenye faragha, sehemu ya mambo ya ziada, unaoitwa Protect IP address in calls kwa Kiingereza. Ukiuwasha, simu zako zote zinapitia seva za WhatsApp badala ya kwenda moja kwa moja. Uliwekwa kwa ajili ya faragha, lakini unamrahisishia na lango kazi. Tahadhari moja tu: masharti mengi ya mabando haya yanasema waziwazi kwamba simu za sauti na video hazimo. Kama hazimo, hakuna mpangilio utakaoziingiza. Someni masharti kabla ya kuhangaika na simu.

Na arifa? Programu ikiwa imelala, simu ya Android haimwachii kila mmoja ashikilie muunganisho wake. Kuna muunganisho mmoja wa Google unaoziamsha zote, unaokwenda `mtalk.google.com`, kwa kawaida porti 5228. Jina hilo si la mtandao wa kijamii. Aliyetunga bando akilisahau, WhatsApp inafanya kazi ukiwa umeifungua, ukiifunga inazimia, na ukiifungua tena ujumbe wa saa tatu zilizopita unaangukia kwa pamoja. Kwenye aifoni kazi hiyo inafanywa na seva za Apple, porti 5223, na kisa ni kilekile. Kwa jirani yake, mtaona alama ya mshangao kwenye kiashiria cha mtandao. Android hujipima kwa kuomba kijukurasa kidogo, `connectivitycheck.gstatic.com/generate_204`. Kikikataliwa, simu inatangaza haina intaneti wakati huohuo unachati. Alama hiyo pekee isikutishe.

Yapo pia tunayojifanyia wenyewe, na kwa wahudumu wa wateja mlioko hapa, haya ndiyo ya kuuliza kwanza. Mteja anasema amenunua bando na hakuna kinachofunguka, hata WhatsApp. Muulizeni kuhusu Private DNS. Kwenye Android iko ndani ya mipangilio ya mtandao, na ina hali tatu: kuzimwa, kujiendesha, na kuandika jina la mtoa huduma. Watu huandika jina la huduma ya kuzuia matangazo, au `dns.google` kwa usalama, kisha wanasahau. Katika hali hiyo ya tatu simu inauliza anwani zote kwa seva ile tu, kwa porti 853, na haikubali mbadala. Lango linaona muunganisho wa nje ya bando, linaukataa, na simu inabaki haijui anwani ya kitu chochote. Dalili yake kwenye kivinjari ni `DNS_PROBE_FINISHED_NO_INTERNET` au `ERR_NAME_NOT_RESOLVED`, na inatokea kwa kila tovuti bila ubaguzi. Ukirudisha kwenye kujiendesha, simu itajaribu njia ya siri na ikishindwa itarudi kwenye DNS ya kawaida. Tatizo linaisha hapohapo.

VPN ni ndugu yake. Ukiiwasha, kila kitu kinaingia kwenye bomba moja linalokwenda kwa seva ya VPN, na jina la Facebook liko ndani ya bomba ambako lango halioni. Opera Mini nayo, katika hali yake ya kubana data, hupitisha kurasa kwenye seva za Opera, kwa hiyo Facebook ndani yake inaonekana ni Opera. Zimeni kwanza, ndipo mlalamike.

Sasa hesabu. Tuseme umenunua MB 100 za kijamii. Karani hampi lango MB zote 100 kwa mara moja. Anampa kipande, tuseme MB 5, na lango likikimaliza linarudi kuripoti na kuomba kingine. Ndiyo sababu salio unaloliangalia halilingani na ulichotumia dakika hii: kipande kilichoko mikononi mwa lango bado hakijaripotiwa. Na ndiyo sababu video inaweza kukatika katikati ya neno: kipande cha mwisho kimeisha na karani amejibu hakuna tena.

Hapa pia pana jibu la malalamiko ya “nimenunua sasa hivi na bado haifunguki”. Lango lilikwishapewa jibu la hapana kwa kikao chako cha data, na huenda likaendelea kulitumia mpaka muda wake uishe au kikao kifungwe. Weka simu kwenye hali ya ndege kwa sekunde kumi, iondoe. Kikao kipya kinafunguliwa, lango linauliza upya, karani anaona bando jipya.

Mambo yanakuwa na hila zaidi ukiwa na mabando mawili, au ukiwa na salio la kawaida. Chukueni mfano wa mtu mwenye MB 100 za kijamii na MB 50 za kawaida. Amekaa Facebook nusu saa, na kwa jumla ametumia MB 60. Anategemea abaki na 40 za kijamii na 50 zake za kawaida ziwe salama. Akiangalia, kijamii imebaki 62 na kawaida imebaki 28. Hakuna aliyemwibia. MB 38 zilikuwa na majina ya Facebook. MB 22 zilikuwa video ya YouTube iliyocheza ndani ya ukurasa, inayotoka `googlevideo.com`, pamoja na habari mbili alizofungua kwenye dirisha la ndani. Kama asingekuwa na data ya kawaida, vitu hivyo vingegoma, na angejua. Kwa kuwa alikuwa nayo, vilifunguka bila kumwuliza. Na kama angekuwa na salio la fedha tu, na kampuni yake inaruhusu kukata kwenye salio, zile MB 22 zingekatwa kwa bei ya nje ya bando, ambayo kwa kawaida ni ghali kuliko zote. Kwa hiyo bando la kijamii lisilo na chochote pembeni linakataa, na lenye kitu pembeni linakula hicho kitu. Ni kanuni ileile, ila sura mbili. Makampuni mengi yana namba fupi ya kuzuia data kukata salio la kawaida. Iulizeni kabla ya kujiunga.

Tumalize na namna ya kupima, ili usibaki unabahatisha. Kipimo cha haraka zaidi ni kufungua `http://neverssl.com` kwenye kivinjari. Tovuti hiyo haitumii `https` kwa makusudi, kwa hiyo lango likitaka kukuelekeza kwenye ukurasa wa kununua linaweza. Ukiletewa ukurasa wa kampuni ya simu, umejua: mtandao uko mzima, data ya kawaida ndiyo haipo.

Mwenye Termux, programu ya kuandikia amri, kwenye simu anaweza kuona hatua yenyewe iliyokwama:

```
curl -v --connect-timeout 10 --max-time 20 https://www.example.com/
```

Soma mistari ya mwisho. Ukipata `curl: (6)`, jina halikupatikana, kwa hiyo nenda kaangalie DNS. Ukiona `Client hello`, kisha muunganisho unavunjwa kwa `curl: (35)`, hapo umeliona lango likifanya kazi: limeachia hodi, limesoma jina, limekata. Ukiona `Client hello` na baada yake kimya mpaka `curl: (28)`, ni hukumu ileile ya aina ya kimya. Ukiwa hata `Client hello` huioni, ama anwani yenyewe imekataliwa, ama mnara ni dhaifu. Rudia kwa `https://www.facebook.com/` palepale ulipo. Moja ikipita na nyingine ikigoma, mnara hauna kosa. Msitumie kompyuta kupitia hotspoti kwa kipimo hiki, maana mabando mengine yanatambua kifaa cha pili na kukikataa, na mtapata majibu ya uongo.

Na kwa kisa kigumu, kile cha kitu kilichomo kwenye bando lakini hakifunguki, kuna programu ya Android iitwayo PCAPdroid. Haihitaji kuruti simu. Inatumia nafasi ya VPN ya Android, lakini haipeleki data yako kwa seva ya mtu, kwa hiyo lango linaona miunganisho kama kawaida. Iwashe, fungua programu inayosumbua, subiri picha igome, rudi kwenye orodha. Kila muunganisho umeandikwa jina, porti, TCP au UDP, na baiti zilizotumwa na kupokewa. Tafuta ule uliotuma baiti kadhaa na kupokea karibu na sifuri. Nakili jina lake, saa uliyojaribu, na aina ya bando, ndivyo upeleke kwa huduma kwa wateja, na uombe vifike kwa timu ya data. “Facebook haifunguki” haina pa kuanzia. “Saa 2:15 usiku, jina hili linaloishia `fna.fbcdn.net`, TCP 443, limekataliwa kwenye bando la kijamii” ni mstari mmoja ambao fundi anaweza kuutafuta kwenye orodha yake, akakuta haumo, akauongeza.

Asanteni. Sasa maswali.